Jasho, Mashine na Salio la Singapuri

Kati ya 1966 na 1990, uchumi wa Singapuri ulikua kwa asilimia 8.7 kwa mwaka. Je, ni kwa ufanisi?

Mwaka 1995, mwanauchumi Alwyn Young alichapisha hesabu yake. Mtaji ulikua kwa asilimia 11.5, ukizidisha kwa fungu lake la mapato, 0.49, unapata 5.6. Nguvukazi ilikua kwa 5.7; mara 0.51 ni 2.9. Jumla 8.5. Salio, yaani tija, ni 0.2 tu.

Lakini salio hubeba pia makosa ya vipimo. Chang-Tai Hsieh alitilia shaka takwimu za mtaji: mbona faida yake haikushuka, ilhali mashine ziliongezeka hivyo? Akatumia mishahara na faida, akapata tija kubwa zaidi.