Majina Yaliyonyamaza kwenye Daftari la Dobi

Daftari la dobi huandika mambo machache kwa kila mzigo: jina, namba ya simu, tarehe ya kupokea, idadi ya nguo, namba ya kikaratasi kinachobanwa kwenye ukosi na kiasi kilicholipwa. Ujumbe wa kumrudisha mteja aliyepotea hutungwa kutokana na mambo hayo. Ukitungwa bila kuyasoma, unakuwa tangazo tu, na mpokeaji hulifuta pamoja na matangazo mengine ya siku hiyo.

Jambo la kwanza ni kujua nani amepotea kweli. Mteja wa mashati ya ofisi huleta mfuko kila Jumamosi, kwa hiyo akikosekana kwa wiki tano kuna kitu kimetokea. Mteja wa mapazia na mablanketi huja mara mbili kwa mwaka, na miezi minne ya kimya chake haina maana yoyote. Dobi mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, mama aliyeanza kazi kwa pasi ya mkaa, hutazama mwendo wa kila mtu peke yake. Mteja akipitisha muda mara tatu ya ule aliouzoea, jina lake hutiwa alama ya kalamu nyekundu. Mwenye kuwatumia ujumbe wote waliofikisha siku 90 humchelewea yule wa mashati na humsumbua yule wa mapazia.

Majina yenye alama nyekundu mama huyo huyagawa kwa kuangalia mzigo wa mwisho uliishaje. Wako walioondoka kimya, labda kwa kuhama mtaa, kununua mashine ya kufulia au kupata msaidizi wa nyumbani. Wako walioondoka na kinyongo: shati liliungua, rangi ilichuja, soksi moja haikuonekana. Na wako ambao nguo zao bado zinaning'inia dukani, zimefuliwa na kupigwa pasi, mwenyewe hajazifuata.

Hilo kundi la mwisho ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndilo rahisi kuliandikia na ndilo rahisi kulikosea. Mtu akikumbushwa nguo yake ana sababu ya kurudi hata bila kupunguziwa bei, na akishafika mlangoni mara nyingi huwa na mfuko mwingine mkononi. Kishawishi ni kuitaja nguo yenyewe. "Gauni lako jekundu liko tayari" ni maneno yenye joto, na yanaonyesha kuwa duka linamkumbuka mtu na vazi lake. Lakini simu ya nyumbani husomwa na zaidi ya mtu mmoja. Gauni lililoletwa na baba mwenye nyumba huenda si la mama mwenye nyumba. Suti inayotajwa kwa mke huenda ilinunuliwa kwa fedha ambayo hakuwahi kuambiwa. Tena namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika kampuni ya simu huweza kuigawa kwa mtu mwingine, na hapo habari za vazi la mtu humfikia mgeni kabisa.

Kwa hiyo mama wa Sinza ameacha kutaja nguo. Hutaja tarehe na namba ya kikaratasi, vitu ambavyo mwenyewe ataelewa na mwingine havitamwambia kitu:

"Dada habari, hapa dobi Sinza. Mzigo wako wa tarehe 9 Machi, namba 214, uko tayari na umetunzwa. Ukikosa nafasi tutakuletea. Tujibu kwa namba hii."

Ujumbe huo haudai wala haulaumu. Mama husema mteja aliyechelewa kufuata nguo huona aibu, na aibu ikizidi huona ni nafuu kuisamehe nguo kuliko kuja kuulizwa alikuwa wapi. Neno "umetunzwa" amelichagua kwa ajili hiyo. Ahadi ya kumpelekea mzigo nayo humwondolea mteja safari ya kuja kujieleza.

Mwenye kinyongo huandikiwa tofauti. Punguzo la bei kwa mtu ambaye shati lake liliunguzwa ni kama kumtupia sarafu. Mama huyo kwanza hukiri kosa kwa maneno mafupi, husema kilichobadilika dukani, kisha hunyamaza asubiri jibu. Kama hakuna kilichobadilika, haandiki kabisa. Kwa walioondoka kimya huuliza tu kama kuna jambo lililowakwaza. Majibu huwa machache, lakini jibu la "nimehamia Mbagala" linatosha kulifuta jina bila uchungu.

Njia ya kutuma nayo ina mitego. Ujumbe wa kawaida wa simu hubeba herufi 160. Ukitia katuni moja tu ya uso unaocheka, uwezo huo hushuka hadi herufi 70, na maneno yaleyale hukatwa na kulipiwa kama jumbe mbili au tatu. Ukitumwa kwa jina la duka badala ya namba, mteja hawezi kuujibu, kwa hiyo namba ya kupiga lazima iandikwe ndani yake. Orodha ya matangazo ya WhatsApp huwafikia tu waliohifadhi namba ya duka kwenye simu zao, na mteja aliyepotea huenda alishaifuta. Duka linaweza kudhani limepuuzwa kumbe ujumbe haukufika.

Swali gumu zaidi ni kama ujumbe ndio uliomrudisha mtu. Karibu na Idi na Krismasi wengi hurudi wenyewe. Njia ya kupima ni kuwaacha baadhi bila kuwaandikia. Tuseme majina yaliyopotea ni 60, 40 wakatumiwa ujumbe wenye punguzo la shilingi 3,000, na 20 wakaachwa. Mwezi ukiisha, wamerudi 8 kati ya wale 40, na 3 kati ya wale 20. Mwenye duka hushangilia watu 8. Lakini kama 3 kati ya 20 hurudi bila kuitwa, basi kati ya 40 wangerudi 6 kwa vyovyote. Ujumbe umeleta 2, na punguzo limegharimu shilingi 24,000, yaani 12,000 kwa kila mmoja wao. Wakiendelea kuja kila wiki ni fedha iliyotumika vizuri, wakileta mfuko mmoja na kutoweka ni hasara. Kwa majina machache hivi tofauti ya mtu mmoja au wawili huweza kuwa bahati tu, kwa hiyo hesabu hiyo hurudiwa kwa miezi kadhaa kabla ya kuaminiwa.

Mama wa Sinza huandika mara mbili, wiki tatu zikiwa katikati, kisha huacha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, humpa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara, na mteja akisema asiandikiwe tena jina lake huchorwa mstari. Lililobaki bila jibu ni nguo zenyewe. Risiti ya duka lake inasema mzigo usiofuatwa kwa miezi mitatu si jukumu la dobi. Lakini mama anazo nguo zilizopita mwaka, baadhi za watu ambao simu zao hazipatikani tena, na hajui kama ni haki kuziuza, kuzigawa, au kuendelea kuzilipia pango la hanga zinazokaa.