Kumwachia Mwenzako Chumba Ukienda Masomoni

Tuchukue mfano wa muuguzi anayekaa Tudor, Mombasa, katika nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Kodi ni shilingi 18,000 kwa mwezi, na dipoziti aliyoweka mwanzo ni kiasi hicho hicho. Amepata nafasi ya kuongeza masomo Eldoret, kuanzia Septemba hadi Julai. Mkataba wake wa nyumba unaisha tarehe 31 Julai. Akiihama, atalazimika kuuza vyombo, kisha akirudi aanze upya kutafuta nyumba na kutoa dipoziti nyingine. Akiishikilia peke yake, atakuwa analipia nyumba ambayo halali ndani yake. Kwa hiyo anafikiria kufunga chumba chake na kile cha pili kumpangisha mwenzake wa kazini, wagawane kodi nusu kwa nusu.

Wengi hufanya hivyo kimyakimya. Mgeni huingia na mabegi usiku, keateka huambiwa ni binamu, na mwenye nyumba hujua baada ya miezi mitatu pale bomba linapopasuka na anayefungua mlango ni mtu asiyemfahamu. Nchini Kenya jambo hili lina sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 66, inahesabu katika mkataba wa kupanga sharti kwamba mpangaji hatapangisha nyumba wala sehemu yake bila ridhaa ya mwenye nyumba, itolewe kabla na iwe kwa maandishi. Sharti hilo lina upande wa pili ambao wapangaji wengi hawaujui: ridhaa hiyo isikataliwe bila sababu ya maana. Kwa hivyo kuomba si kujidhalilisha, na mwenye nyumba naye ana haki ya kuuliza maswali magumu. Kabla ya yote, usome mkataba wako, kwa sababu ikiwa umeandikwa masharti yake kuhusu kupangisha, mazungumzo yataanzia hapo.

Maswali magumu ya mwenye nyumba ni yapi? Kwanza, ni nani huyo anayekuja? Pili, kodi isipofika nimdai nani, wewe uliyeko Eldoret au yeye aliyeko ndani? Tatu, ambalo ndilo linalowanyima usingizi wenye nyumba: na akikataa kutoka? Barua isiyojibu haya matatu, hata ikiwa na adabu kiasi gani, itarudi na jibu la "hapana".

Hii hapa barua ambayo muuguzi wetu angeweza kumpelekea mama mwenye nyumba, mkononi, baada ya kumpigia simu na kumwomba nafasi ya kumwona:

"Mama, shikamoo. Nimepata nafasi ya masomo Eldoret kuanzia Septemba. Naomba ridhaa yako ya maandishi nimpangishe mwenzangu wa kazini chumba kimoja, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 30 Juni. Atakaa peke yake. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho chake, namba yake ya simu na ya mwenye nyumba aliyempangisha kabla. Mimi ndiye nitakayebaki mpangaji wako na kodi yote ya 18,000 nitaituma mimi kabla ya tarehe 5, kama kawaida. Yeye atanipa 9,000, nusu ya kodi, bila faida juu yake. Nitalipa kodi ya Julai sasa hivi, uishike. Kaka yangu anayekaa Kisauni ana ufunguo na ataitika ukimwita. Nikivunja lolote katika haya, uwe huru kuiondoa ridhaa yako kwa notisi ya mwezi mmoja."

Tazama ile kodi ya Julai. Muuguzi angeilipa tu, maana mkataba wake unafika mwisho wa mwezi huo, ameileta mapema. Kwa mwenye nyumba ni kinga ya mwezi mzima iwapo pesa zitachelewa, na kwa mpangaji si gharama mpya. Ninaipendelea kuliko kuongeza dipoziti, ambayo kuidai mwishoni mara nyingi huleta mvutano.

Tarehe 30 Juni nayo haikuchaguliwa ovyo. Ukimpa mtu muda wako wote uliobaki hadi siku ya mwisho wa mkataba, kisheria unaweza kuonekana umemkabidhi upangaji wenyewe, nawe ukajitoa. Ukijibakishia mwezi, unabaki kuwa mpangaji, na una siku za kurudi, kukagua chumba na kurekebisha kilichoharibika kabla hujasimama mbele ya mwenye nyumba.

Njia ya pesa ndipo watu wema huharibu mambo. Mwenye nyumba husema, "Mbona tuzunguke? Anitumie mwenyewe." Akishapokea kodi moja kwa moja kwa mgeni miezi kadhaa na kumwandikia risiti kwa jina lake, mgeni anaweza kudai kwamba amekubaliwa kuwa mpangaji kamili. Siku ya kuondoka atatoa risiti hizo kama ushahidi. Kwa hiyo pesa zipitie kwa mpangaji wa kwanza. Ikishindikana kabisa, basi risiti iandikwe jina la mpangaji wa kwanza, na ielezwe kwamba fulani amelipa kwa niaba yake.

Mgeni naye atie sahihi karatasi yake fupi kabla ya kupewa ufunguo. Iseme kwamba anamtambua muuguzi kuwa mpangaji wa nyumba, kwamba kukaa kwake kunaisha tarehe 30 Juni au pale mkataba mkuu utakapoisha, kipi kitangulie, kwamba hatampangisha mtu mwingine wala kubadilisha kitasa, na kwamba amesoma masharti ya nyumba. Hapo hapo waandike watakavyogawana tokeni za umeme na bili ya maji. Wapige picha kuta, madirisha, sinki na mita, keateka akiwapo, kila mmoja abaki na nakala.

Haki ya mgeni pia iangaliwe. Akimpa muuguzi dipoziti ya 9,000, apewe risiti, na aonyeshwe ile ridhaa ya mwenye nyumba yenye sahihi. Mgeni asiyeonyeshwa barua hiyo anaweza kuwa analipa kwa miezi kitu ambacho aliyempa hakuwa na ruhusa ya kukitoa.

Mwenye nyumba anaweza bado kukataa kwa sababu nzuri: tangi la maji halitoshi wakaaji zaidi, mgeni hataki kutoa kitambulisho, au mwombaji mwenyewe ana malimbikizo ya kodi. Deni la kodi limalizwe kabla ya barua kwenda. Kwa sababu nyingine, uliza ni sharti gani lingemridhisha, kisha ombi liandikwe upya likiwa na sharti hilo. Likikubaliwa, mwenye nyumba atie sahihi na tarehe chini ya barua ile ile. Ujumbe wa "sawa" kwenye simu ni mwembamba mno kuutegemea kwa miezi kumi.

Dalili za mambo kwenda kombo huonekana mapema: keateka anaona godoro la pili, tokeni zinaisha haraka kuliko kawaida, au mgeni anaanza kuomba risiti kwa jina lake. Hapo kaka wa Kisauni aende siku hiyo hiyo. Na mwishoni mwa Mei muuguzi amwandikie mgeni kumkumbusha tarehe. Ikifika Julai bado yumo, wa kumdai atoke ni muuguzi aliyempangisha, kwa notisi na ikibidi kwa amri ya mahakama. Kumkatia umeme, kumbadilishia kufuli au kumtolea vitu nje kutamfanya yeye awe mlalamikaji, na muuguzi na mama wa watu wote wawili waitwe kujieleza.