Jeli ya alovera: Asilimia 99 ya nini?

Katika maduka ya dawa na vipodozi mjini Meru na Embu, jeli ya alovera mara nyingi hupangwa rafu moja na losheni ya kukinga jua. Mwuzaji mmoja wa Meru, aliyeomba asitajwe jina, anasema ujirani huo unamtia hasara. Wateja wake, wakiwemo wachuma majani chai na wanaopanda Mlima Kenya, huchagua jeli kwa kuwa ni nafuu, wakajipaka asubuhi, kisha wakarudi jioni ngozi ikiwawaka na kudai pesa zao. Msambazaji naye hapokei chupa iliyofunguliwa, kwa hivyo hasara hubaki dukani.

Malalamiko yake yana msingi. Jeli haizuii miale ya urujuanimno. Kazi yake huanza baada ya jua: maji yake yanapokauka huondoa joto kwenye ngozi, maumivu yakapungua kwa muda. Losheni za baada ya jua huongeza mafuta kidogo ili ngozi isikauke upesi. Lakini wekundu wa kuungua hufikia kilele kati ya saa 12 na 24 baadaye, kwa hivyo aliyejipaka jioni huweza kuamka akiwa na maumivu zaidi. Madhara yaliyokwisha kuingia kwenye seli hayafutwi na chupa yoyote. Kwa mtu mwenye ualbino, kudhani kuwa jeli ni kinga ni hatari kubwa, maana kila siku ya kuungua humsogeza karibu na saratani ya ngozi. Na malengelenge yakitokea pamoja na homa, mahali pa kwenda ni hospitali.

Afisa mmoja anayefuatilia ubora wa bidhaa anashikilia kwamba mnunuzi asiwe na wasiwasi akiona lebo ya asilimia 99 ya alovera. Takwimu hiyo haitoshi. Ute wa jani lenyewe ni maji kwa takriban asilimia 99. Tena viwanda hutumia unga wa alovera uliokolezwa mara 200: gramu 5 zikitiwa katika gramu 995 za maji, kilo nzima huhesabiwa kuwa alovera. Lebo haijadanganya, ila haijamwambia mnunuzi analolipia. Orodha ya viungo, inayoanza na kilicho kingi, humsaidia zaidi: alkoholi ikiwa karibu na mwanzo, jeli itachoma na kukausha ngozi iliyoungua.

Anayekata jani shambani huepuka gharama, mradi alisimamishe kwanza utomvu wa manjano utiririke wote, kwani huwasha.

Miezi ya kiangazi huenda ikaongeza mauzo, ingawa wateja waliovunjika moyo wanaweza kuyapunguza. Mwuzaji wa Meru hasubiri lebo zibadilike. Anapanga kuhamishia jeli kwenye rafu ya plasta na dawa za vidonda, hata kama atauza chupa chache.