Hisa Ipi Inakibebesha Chama Hatari?

Tuchukue chama cha uwekezaji cha majirani wa Buruburu, chenye milioni moja: hisa za Safaricom za shilingi 500,000, za KCB za 300,000, na dhamana za serikali za siku 91 za 200,000. Wanachama wanauliza hatari inatoka wapi. Takwimu nitakazotumia ni za mfano.

Tuseme kwa kawaida bei ya Safaricom hupanda au kushuka kwa asilimia 8 kwa mwezi, yaani shilingi 40,000, na KCB asilimia 10, yaani 30,000. Uhusiano wa mienendo yao ni 0.5: mara nyingi hupanda na kushuka pamoja, lakini si kila mara. Dhamana tuzihesabu kuwa hazitikisiki. Hesabu inatoa thamani iliyo hatarini ya kama shilingi 100,000. Katika miezi 95 kati ya 100, hasara haitarajiwi kuzidi hapo.

Ukipima kila hisa peke yake utapata 65,800 na 49,400, jumla 115,200. Ziada juu ya 100,000 hufutika kwa sababu hisa hizo mbili haziendi sambamba kabisa. Ili kugawa ile 100,000 kwa haki, tunaangalia kila hisa inavyotembea pamoja na mfuko mzima. Kwenye lahajedwali, weka mabadiliko ya bei ya kila mwezi kwa asilimia, ukiyazidisha kwa thamani ya hisa unazomiliki leo. Safu ya B iwe ya hisa moja, ya E jumla ya mfuko:

```
=COVARIANCE.S(B2:B61,E2:E61)/VAR.S(E2:E61)
```

Jibu ni fungu la hisa hiyo katika hatari yote. Safaricom inachangia asilimia 59, karibu 59,500. KCB 41, karibu 40,600. Kwa hiyo mchangiaji mkuu ni Safaricom.

Lakini gawanya kila mchango kwa fedha zilizowekwa. Shilingi moja zaidi ya Safaricom inaongeza hatari ya senti 12. Ya KCB, senti 13.5. Mchango wa mwezi ujao ukienda KCB, chama kitajiongezea hatari zaidi, ingawa Safaricom ndiyo yenye fungu kubwa. Kwangu mimi, kipimo hiki cha pili ndicho cha kupelekwa kwenye mkutano, kwani wanachama wanaamua kuhusu shilingi ijayo.

Senti hizo zinafaa kwa hatua ndogo tu. Chama kikiuza KCB yote na kununua dhamana, hatari haishuki kwa 40,600. Inashuka kwa 34,300, kwa sababu Safaricom inabaki bila mwenzake wa kuipunguzia makali.

Tena uhusiano wenyewe hubadilika. Machi 13, 2020, Kenya ilipotangaza kisa cha kwanza cha korona, hisa ziliporomoka pamoja hadi Soko la Hisa la Nairobi likasimamisha biashara. Weka 0.9 mahali pa 0.5, na thamani iliyo hatarini inafika 112,300 huku senti za KCB zikipanda hadi karibu 16. Mhazini aje mkutanoni na hesabu zote mbili.