Kufuli la Shule Halivuki Geti

Wazazi na walezi wapendwa,

Tangu kompyuta zilipoletwa, swali ninaloulizwa zaidi na wazazi hapa getini ni moja: mtoto akitafuta kitu Google, ataona nini? Jibu la swali hilo ni refu kuliko muda wa kuzungumza getini, ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Nianze na upande wa shule. Mtoto akifungua Google kwenye kompyuta ya maktaba na kuingia mahali pa mipangilio ya SafeSearch, juu kulia ataona picha ya kufuli. Maana yake ni kwamba kuna mtu amechagua kwa niaba yake na yeye hawezi kubadilisha. Mtu huyo ni fundi wetu. Ameipanga ruta ya shule hivi: kifaa chochote kikiuliza anwani ya www.google.com, kinapewa ya forcesafesearch.google.com. Ukurasa ni ule ule wa Google, ila picha na kurasa za ngono na za damu na ukatili mkali zinaondolewa kabla matokeo hayajaonyeshwa. Mtoto hana cha kubonyeza wala cha kuzima.

Lakini mpango huo unakaa ndani ya ruta, si ndani ya mtoto. Saa kumi jioni akifika nyumbani na kuchukua simu ya mama yenye bando, kufuli halipo. Hapo kazi ni yenu.

Kwenye simu hiyo, fungua kivinjari uandike google.com/safesearch. Utaona chaguo tatu. Filter huondoa picha, maandishi na viungo vya aina niliyoitaja. Blur hutia ukungu kwenye picha tu, huku maandishi na viungo vikiweza kubaki. Off haizuii chochote. Tangu 2023 Google imekuwa ikiwawekea watu wazima Blur kama mpangilio wa kuanzia, kwa hiyo simu ambayo hujawahi kuigusa huenda iko hapo katikati. Kwa simu inayoshikwa na mtoto, chagua Filter.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo mambo huharibika. Kama umeingia kwa akaunti yako ya Google, uchaguzi huo umehifadhiwa kwenye akaunti. Kama hujaingia, umehifadhiwa kwenye kivinjari kile kile ulichotumia, na siku ukifuta historia na kuki zake unafutika nao. Kivinjari cha pili kwenye simu hiyo hiyo hakina habari. Kipimo ni rahisi: fungua dirisha la Incognito, andika tena google.com/safesearch, utazame. Ukikuta Blur na hakuna kufuli, jua kwamba mtoto anayejua kufungua dirisha hilo ameshapita. Na kuanzia Gredi ya 5 hivi, wengi wanajua.

Jambo jingine la kukagua ni mwaka wa kuzaliwa kwenye akaunti ya mtoto. Google humwekea Filter yenyewe mtu aliyeingia kwa akaunti inayosema hajafika miaka 18. Tatizo ni kwamba watoto wengi walifunguliwa akaunti na binamu au na fundi wa simu, wakaandikiwa mwaka wowote ili mambo yaende haraka. Mbele ya Google, mwanao wa Gredi ya 6 huenda ni mtu wa miaka 35. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 13, afadhali umfungulie akaunti kupitia Family Link, programu ya bure ya Google. Kwa njia hiyo wewe ndiwe mwenye ufunguo wa SafeSearch, na kufuli lile la shuleni analiona hata kwenye simu.

Mwenye simu ya Android kuanzia toleo la 9 anaweza kuongeza ulinzi mwingine. Ndani ya Settings tafuta Private DNS, chagua kuandika jina, kisha weka hili:

```
family.cloudflare-dns.com
```

Simu itakataa kufungua tovuti zinazojulikana kuwa za ngono, kwa bando na kwa waifai, hata mtoto akihamia kivinjari kingine. Vighairi havikosi: kivinjari kinachopitisha kurasa kwenye seva zake ili kuokoa bando kinaweza kuuruka ulinzi huo. Na hakuna mpangilio hata mmoja kati ya hii nilioutaja unaogusa yanayotumwa ndani ya magrupu ya WhatsApp au video zinazopita TikTok. SafeSearch ni ya matokeo ya Google peke yake, na Google wenyewe wanakiri kwamba haikamati kila kitu.

Tuseme umefanya yote hayo na yamekubali. Mtoto anatafuta, na kinachokuja ni kisafi. Je, ni kweli? Chujio la chai huzuia majani, halijui kama chai imetiwa chumvi. Filter haipimi ukweli, haijawahi kuupima, wala haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Nalisisitiza hili kwa sababu nimesikia wazazi wakisema, “Huyu wangu yuko salama, nimemwekea Filter.” Salama kwa picha chafu, sawa. Kwa uongo, bado.

Mfano ninaoutumia darasani ni wa 2023, na unatuhusu kabisa. Watu walikuwa wakimwuliza Google kwa Kiingereza ni nchi gani ya Afrika inayoanza kwa herufi K. Juu kabisa, ndani ya kisanduku cha jibu, Google ilikuwa ikionyesha kwamba Afrika ina nchi 54 lakini hakuna inayoanza kwa K, na kwamba inayokaribia ni Kenya, ambayo huanza kwa sauti ya K. Watoto hucheka mpaka maktaba nzima inageuka. Nawaacha wacheke, kisha nawauliza: mmejuaje ni uongo? “Mwalimu, si tunaishi hapa!” Haya, na kama swali lingekuwa la Kazakistani? Kicheko kinaisha.

Hapo ndipo tunafungua kisanduku chenyewe kuona kilivyotengenezwa. Jibu la juu halikuandikwa na Google. Ni sentensi zilizonyofolewa na kompyuta kutoka ukurasa wa mtu fulani, kwa sababu zilifanana na swali. Katika kisa hiki, ukurasa ulionyofolewa ulikuwa umebandika jibu lililotungwa na programu, bila mtu kulihakiki. Mtoto aliyeona kisanduku tu aliona jibu la Google. Mtoto aliyesoma anwani ndogo iliyo pale pale aliona jibu la tovuti asiyoijua. Kwa hiyo somo letu la kwanza ni hilo: kabla hujabonyeza, soma jina la tovuti. Tunasoma pia neno Sponsored, maana tokeo lenye neno hilo liko juu kwa kuwa limelipiwa. Kando ya tokeo kuna vidoti vitatu, na ukivibonyeza Google hukueleza kidogo kuhusu tovuti hiyo, kwa mfano ilianza kuijua lini.

Somo la pili ni gumu zaidi kwa sababu linapingana na tulivyolelewa. Sisi tuliambiwa tusome kwa makini mpaka mwisho. Kwenye intaneti, kusoma kwa makini ukurasa usiojua ni wa nani kunaweza kukupoteza zaidi. Kuna tovuti ya mzaha, iliyoanzishwa 1998, inayomtetea pweza anayedaiwa kuishi juu ya miti kaskazini magharibi mwa Marekani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut waliwahi kuwapa wanafunzi 25 wa darasa la saba, wale waliosifika kwa kusoma mtandaoni, na karibu wote wakaiamini. Wangu pia huiamini. Ukiwauliza kwa nini, wanakutajia yale yale: ina picha, ina jina la kisayansi, haina makosa ya tahajia, inawaomba watu wamwokoe mnyama. Yote hayo ni mambo ambayo mwenye tovuti aliyaweka mwenyewe.

Basi tunafanya kinyume. Tunatoka kwenye ukurasa huo, tunafungua kichupo kipya na kuandika lile jina la kisayansi, Octopus paxarbolis, ili tusikie wengine wanasemaje. Matokeo ya kwanza kwanza yanataja kwamba ni mzaha. Hatukuhitaji kujua chochote kuhusu pweza, ingawa watoto wa Pwani wangeweza kuuliza mapema huyo pweza anapumulia nini juu ya mti. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walipowalinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo na wahakiki wa habari mbele ya tovuti wasizozijua, waliofanya vizuri na kwa haraka ni wahakiki, na siri yao ilikuwa hiyo hiyo: hawakukaa kwenye ukurasa.

Somo la tatu ni swali lenyewe. Andika “faida za mwarobaini” na utapata kurasa zinazohesabu faida. Andika “madhara ya mwarobaini” na utapata kurasa nyingine, kana kwamba ni mti mwingine. Google imekupa ulichoomba. Sasa fikiria aliyeuliza ni binti wa miaka 12 anayemwangalia mdogo wake mchanga mwenye homa. Madaktari wameandika visa vya watoto wachanga waliopata degedege baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini, na visa hivyo haviko kwenye kurasa za faida. Ndiyo maana nawataka waulize mara mbili, pande zote mbili, halafu waangalie ni nani anayesema: hospitali, chuo, au muuzaji wa chupa.

Nyumbani, mtoto akija na jibu, msimwulize kama amelipata. Mwulizeni, “Nani kasema?” Akijibu “Google,” mrudisheni akatafute jina. Mwanzoni atanung'unika. Na msiogope akiwauliza ninyi swali hilo hilo mkisambaza ujumbe kwenye grupu la familia, maana wengine wamekwisha kuanza, na malalamiko yamenifikia.

Jioni ya leo chukueni simu anayoitumia mtoto mfungue google.com/safesearch. Atakayekwama aje nayo siku ya kuchukua ripoti, akumbuke na neno la siri la akaunti, kwa maana bila hilo sitaweza kumsaidia.

Wenu,
Mkutubi wa shule