Gitaa Linauzwa, Sauti Nitakutumia

Mtu aliye Dodoma akisoma "gitaa bado kali, bei maelewano", hajui kama gitaa lililoko Tanga litamuumiza vidole. Ndiyo maana nilipotaka kuuza Yamaha F310 yangu, nilianza na rula.

Nilipima kutoka juu ya chuma cha freti ya 12 hadi chini ya uzi mnene kuliko wote. Nikapata milimita 3. Gitaa la mbao lililorekebishwa vizuri huwa na karibu milimita 2.5 kwa uzi huo, na karibu 2 kwa uzi mwembamba. Hiyo nusu milimita huihisi mtu anapobana nyuzi zote sita kwa kidole kimoja, hasa akipanda juu ya shingo. Unyevu wa pwani huchangia: ubao wa mbele huvimba nyuma ya daraja, ukalinyanyua pamoja na nyuzi. Kwa hiyo nilijaribu pia kupenyeza karatasi chini ya ukingo wa daraja. Ingepenya, ingekuwa dalili kwamba gundi inaachia, na mnunuzi angestahili kuambiwa hilo kabla ya jambo jingine lolote. Haikupenya.

Mikwaruzo ya mwilini picha inatosha kuionyesha. Uchakavu wa freti ni jambo zito zaidi. Nyuzi huchimba vijifereji katika freti za kwanza, chuma hushuka, na uzi ukibanwa pale hugusa freti inayofuata na kutoa mlio wa kukwaruza. Hapo ndipo kipande cha sauti kinapohitajika, na mpigaji lazima apige kwa nguvu zake za kawaida, kwa sababu ukipapasa polepole kasoro hujificha.

Nilizima feni, nikaweka simu umbali wa mita moja, nikatyuni, kisha nikapiga nyuzi sita wazi, moja baada ya nyingine. Baada ya hapo nilipanda na uzi mwembamba, freti kwa freti, hadi ya 12, nikamalizia na kodi chache. Ilichukua sekunde 40. Sikuongeza mwangwi wala kitu chochote. Nilitaja pia umri wa nyuzi, maana nyuzi mpya hulifanya hata gitaa la kawaida ling'ae kwa muda.

Tangazo nililiandika hivi:

"Yamaha F310, liko Tanga. Nyuzi ziko juu kidogo: milimita 3 kwenye freti ya 12, uzi mnene. Daraja limeshika vizuri. Freti ya 2 ina kijifereji chini ya uzi mwembamba, nao unakwaruza kidogo ukipigwa kwa nguvu. Mkwaruzo mmoja nyuma, tazama picha ya tatu. Nyuzi zina miezi miwili. Linakuja na begi laini, kapo na seti moja ya nyuzi mpya. Stendi haimo. Ukitaka kusikia, niandikie nikutumie sauti ya sekunde 40. Freti ya 2 imo."