Jaji Mmoja, Kesi Tatu: Namna Mahakama Inavyosoma Sheria

Mwaka 1959 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kudhibiti silaha za hatari. Kilichowasumbua wabunge kilikuwa kisu ambacho bapa lake hukaa ndani ya mpini na kuchomoka ghafla mtu anapobonyeza kitufe. Sheria hiyo ikafanya kuwa kosa kutengeneza kisu cha namna hiyo, kukiuza, kukikodisha, au kutoa pendekezo la kukiuza. Haukupita muda, polisi mmoja wa mji wa Bristol akaona kisu hicho kwenye dirisha la duka, kando yake kikaratasi chenye bei: shilingi nne. Mwenye duka akafikishwa mahakamani kwa kosa la kupendekeza kuuza.

Mahakimu wa Bristol walimwachia huru. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, na mwezi Novemba 1960 shauri hilo, ambalo wanasheria hulijua kama Fisher dhidi ya Bell, likasikilizwa London na majaji wakiongozwa na Jaji Mkuu, Lodi Parker. Lodi Parker alikiri kwamba aliposoma majalada kwa mara ya kwanza, naye aliona ni upuuzi kusema kuwa kisu kilichowekwa dirishani na bei yake hakijapendekezwa kuuzwa. Hata hivyo rufaa aliitupa, na mwenye duka akabaki huru.

Sababu yake imo katika sheria ya mikataba. Kwa sheria hiyo, bidhaa iliyopangwa dirishani ni mwaliko tu, unaowaambia wapita njia waingie wazungumze biashara. Mteja anayeingia na kusema "nipe kile" ndiye anayetoa pendekezo, na muuzaji bado ana haki ya kulikataa. Pakiwa hivyo, mwenye duka wa Bristol alikuwa amewaalika watu, lakini hakuwa ametoa pendekezo kwa yeyote. Kosa lililoandikwa katika sheria hakulitenda.

Huku ndiko kusoma sheria kwa maana halisi ya maneno. Jaji hulipa neno maana yake ya kawaida, au maana yake ya kitaalamu kama sheria imeshalizoea hivyo, kisha huifuata hata ikimpeleka asikopenda. Wengi wanaposikia hukumu ya Bristol hudhani jaji alijificha nyuma ya herufi. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko hivyo. Alionyesha kwamba Bunge lenyewe, katika sheria nyingine, lilipotaka kuwabana wanaoonyesha bidhaa, lilisema waziwazi kwamba kupendekeza kuuza kunajumuisha pia kuweka bidhaa wazi ili inunuliwe. Katika sheria ya visu halikusema. Jaji akijaza pengo hilo mwenyewe atakuwa ametunga kosa jipya la jinai na kumwadhibu mtu kwa jambo ambalo siku alipolitenda halikuwa limeandikwa kuwa kosa. Kuziba pengo, alisema, ni kazi ya Bunge. Mwaka 1961 Bunge likafanya hivyo: likaongeza maneno ya kuwahusu wanaokiweka kisu wazi ili kiuzwe na wanaokimiliki kwa nia ya kukiuza.

Mtu akiishia hapo atamwona Lodi Parker kama jaji wa herufi. Lakini miezi kadhaa kabla, mwaka huohuo wa 1960, jaji huyohuyo aliamua kesi ya Smith dhidi ya Hughes kwa namna inayoonekana kupingana kabisa na ile ya kisu.

Sheria nyingine ya mwaka 1959 ilifanya kuwa kosa kwa kahaba kuzurura au kushawishi wateja "katika barabara au mahali pa umma". Wanawake kadhaa wa London walishtakiwa kwa kosa hilo, na utetezi wao ulikuwa mfupi: hawakuwa barabarani. Mmoja alikuwa kwenye roshani ya nyumba. Wengine walikuwa ndani, nyuma ya madirisha, wakigonga vioo na kuwaashiria wanaume waliopita chini. Roshani ya nyumba ya mtu si barabara, na chumba si mahali pa umma.

Lodi Parker hakuukubali utetezi huo. Aliuliza sheria hii ilitungwa kuondoa kero gani, akajibu kwamba kila mtu anajua: ilitungwa kuzisafisha barabara, watu wapite bila kubughudhiwa. Aliyepita barabarani alikuwa akibughudhiwa vilevile, mwanamke akiwa kando yake au akiwa juu kwenye roshani. Wakatiwa hatiani.

Njia hii ina mizizi mirefu. Mwaka 1584, katika kesi ya Heydon, majaji wa Uingereza walisema kwamba mwenye kutafsiri sheria ajiulize hali ya sheria ilikuwaje kabla, ni kero gani ilikuwa haijapatiwa dawa, Bunge likachagua dawa gani, na kwa sababu gani hasa. Baadaye kanuni hiyo ya kero ikapanuka na kuwa mkabala wa kusudio: jaji haulizi tu kero ya zamani, bali lengo zima ambalo sheria inataka kulifikia.

Je, Lodi Parker alijipinga? Siamini hivyo, na nadhani jibu la kesi hizi mbili linafundisha zaidi kuliko kukariri majina ya kanuni. Yasome tena maneno ya sheria ya barabara: "kushawishi katika barabara". Hayasemi mwanamke awe amesimama wapi. Yanaweza kumaanisha kwamba anayeshawishi awe barabarani, na yanaweza pia kumaanisha kwamba ushawishi uwafikie walio barabarani. Maneno yenyewe yameacha milango miwili wazi, na kusudio la sheria likamwonyesha jaji aingie upi. Katika kesi ya kisu mlango ulikuwa mmoja. "Pendekezo" lilikuwa neno lenye maana iliyotulia kwa miaka mingi, na Bunge lilishaonyesha kwingine kwamba linajua kulipanua likitaka. Kusudio humsaidia jaji kuchagua kati ya maana ambazo maneno yanaweza kuzibeba. Likitumika kuyabebesha maana yasiyoweza kuibeba, hiyo si tafsiri tena.

Kati ya njia hizi mbili ipo ya tatu, iitwayo kanuni ya dhahabu, na Lodi Parker aliitumia pia. Mwaka 1963 mshtakiwa aitwaye Adler aliingia katika kambi ya jeshi la anga ya Marham, katika jimbo la Norfolk, akamzuia askari aliyekuwa katika kazi ya ulinzi. Sheria ya siri za serikali ya mwaka 1920 ilimkataza mtu aliye "jirani na" mahali palipozuiwa kuwazuia walinzi. Adler akasema hakuwa jirani na kambi. Alikuwa ndani yake. Kwa maana halisi ya maneno hoja hiyo ina nguvu, kwani jirani yako si mtu unayeishi naye nyumba moja. Lakini ikikubaliwa, anayewazuia askari nje ya uzio ana hatia, na anayewazuia katikati ya kambi hana. Mwaka 1964 Lodi Parker aliona Bunge haliwezi kuwa lilikusudia ajabu hiyo, akasoma maneno hayo kama "ndani ya au jirani na".

Kanuni ya dhahabu basi huanza na maana halisi, na huiacha pale tu inapozaa upuuzi, tena kwa marekebisho madogo iwezekanavyo. Iliwahi kwenda mbali zaidi. Katika shauri la Sigsworth, mwana alikuwa amemuua mama yake, na sheria ya mirathi ya 1925 ilisema bila utata wowote kwamba mali ya asiyeacha wosia humwendea mtoto wake. Neno "mtoto" halikuwa na maana mbili. Mahakama ilikataa hata hivyo kwamba muuaji, au wanaodai kupitia kwake, wafaidike na mauaji.

Udhaifu wa kanuni hii ni kwamba upuuzi hauna kipimo. Jaji mmoja huona upuuzi pale mwenzake anapoona matokeo magumu tu. Mkabala wa kusudio nao una swali lake: kusudio linapatikana wapi? Kwa muda mrefu majaji wa Uingereza hawakuruhusiwa kusoma kumbukumbu za mijadala ya Bunge. Katika kesi ya Pepper dhidi ya Hart, mwaka 1992, mahakama ya juu kabisa iliruhusu jambo hilo kwa masharti: maneno ya sheria yawe na utata au yaelekee kwenye upuuzi, kauli itoke kwa waziri au mwasilishaji wa muswada, na kauli hiyo iwe wazi.

Afrika Mashariki ilizirithi njia hizi pamoja na sheria za Uingereza, na mawakili wa Nairobi na Dar es Salaam bado hutaja kesi hizo. Kenya imekwenda hatua zaidi kwa upande wa katiba: Ibara ya 259 ya Katiba ya 2010 inaagiza kwamba Katiba itafsiriwe kwa namna inayoendeleza malengo, maadili na kanuni zake. Katika kuisoma Katiba yenyewe, jaji wa Kenya hahitaji kuomba radhi kwa kuulizia kusudio.

Tuzijaribu njia hizi nyumbani. Chukua sheria ndogo ya kubuni ya halmashauri fulani: "Ni kosa kuuza samaki wabichi kando ya barabara." Madiwani waliitunga baada ya malalamiko ya maji machafu, magamba na nzi. Mama wa kwanza anakamatwa ametandika mkeka katikati ya barabara kabisa, anadai kwamba katikati si kando. Huyu ni Adler wa pili, na kanuni ya dhahabu inammaliza. Wa pili anauza kupitia dirisha la nyumba yake linalofunguka barabarani. Wateja wamesimama kando ya barabara, magamba yanatupwa humohumo. Maneno "kuuza kando ya barabara" yanaweza kuubeba uuzaji unaofanyika kwa mteja aliye pale, na kusudio linaelekea huko. Wakili wake bado ana la kusema, kwani hii ni jinai, na utata wa kweli katika sheria ya jinai hutakiwa kumfaidi mshtakiwa.

Wa tatu anauza samaki wa kukaanga. Naye ana nzi, na miba imezagaa miguuni pa wateja. Mwendesha mashtaka ataeleza kero kwa ufasaha wote, na kero itakuwa ya kweli. Lakini hakuna anayemwita samaki aliyetoka kwenye mafuta ya moto kuwa mbichi. Na kama halmashauri hiyohiyo ina sheria ndogo ya stendi inayosema "samaki wabichi au waliopikwa", shauri limekwisha: madiwani walijua kuyaandika maneno hayo, na hapa hawakuyaandika. Mama huyo aachiwe aende na karai lake, na halmashauri ikimtaka aondoke barabarani, iitishe kikao na kurekebisha sheria yake.